Mathe Hakuomba Aachiliwe, Aliomba Aletwe Lang'ata

Kuna vidio nilifuta mwaka jana na sikuwaambia kwa nini. Wengine wenu mliniuliza kwa komenti, nikanyamaza. Leo nawaambia, na ni ndefu, kwa hivyo kama uko kwa matatu na unashuka stendi ijayo, weka hii uisome ukifika kejani.

Machi 2025 mahakama moja ya Vietnam ilimhukumu kifo Mkenya aliyekamatwa eapoti mwaka 2023 akiwa na zaidi ya kilo 2 za kokeini. Mnakumbuka vile mtandao uliwaka. Nusu ya watu walikuwa wanalia, "Serikali imrudishe nyumbani." Nusu ingine walikuwa wanasema aozee huko, alijua anachofanya. Mimi nilikuwa hiyo nusu ya pili. Nilitengeneza vidio ya sekunde arubaini hivi, nikacheka, nikasema sisi hatuwezi kuwa tunalipia watu tikiti ya kurudi kutoka kwa ujinga wao. Ilipata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilikuwa nimewahi kuposti. Nilifurahi, siwezi danganya.

Wiki kama tatu baadaye nimesimama kwa mathe anayeuza chapo na madondo karibu na stendi yetu. Huyu mathe ananijua tangu nikiwa na yunifomu. Akanipimia madondo, akanipea sahani, halafu akasema bila kuniangalia, "Brayo, ile vidio yako nimeonyeshwa na kitinda mimba wangu. Umesema aozee. Sasa na wangu aozee?"

Sikujua ako na mtoto ndani. Karibu mtaa wote haukujua. Watu waliambiwa binti alienda kufanya kazi ya hoteli Asia na simu yake ilipotea. Ukweli ni kwamba alipewa begi, begi ilikuwa na kitu ndani ya kitambaa cha chini, na alihukumiwa miaka 18. Amekaa 6. Nchi siitaji, mathe aliniomba.

Nilianza kusema pole, akanikatiza. "Mimi siombi aachiliwe. Alibeba, alibeba. Nauliza tu, hiyo miaka imebaki hawezi kuimalizia hapa Lang'ata, nikawa nampelekea sabuni?"

Hiyo swali ndiyo ilifanya nifute vidio. Kwa sababu mimi na nyinyi wote, wale wa "mrudisheni" na wale wa "aozee," tulikuwa tunabishana kuhusu kitu ambacho si hicho. Tulidhani kurudishwa ni kuachiliwa. Sio.

Kuna mambo matatu watu wanachanganya. Ya kwanza ni kufukuzwa nchini: umemaliza kifungo, au umepatikana bila karatasi, wanakuweka kwa ndege, unafika JKIA uko huru. Ya pili ni kupelekwa kujibu mashtaka: umefanya kosa mahali, umekimbilia pengine, unarudishwa ili kesi ianze. Ya tatu ndiyo hii ya mathe, uhamisho wa mfungwa. Kesi imeisha, umehukumiwa, umetumikia sehemu, na nchi mbili zinakubaliana kwamba miaka iliyobaki utaikalia katika jela ya kwenu. Unatoka kwa mikono ya askari jela mmoja unaingia kwa mikono ya mwingine. Hakuna mahali katikati unapita ukiwa huru.

Mfano mzuri uko Indonesia na Ufilipino, na ni wa juzi tu. Mary Jane Veloso, mama wa watoto wawili, alikamatwa eapoti ya Yogyakarta mwezi wa Aprili 2010 na kilo 2.6 za heroini kwa sutikesi. Yeye husema alidanganywa na mtu aliyemwahidi kazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akahukumiwa kifo. Aprili 2015 akapelekwa kisiwa cha Nusakambangan kupigwa risasi pamoja na wengine wanane. Dakika za mwisho akaondolewa kwa orodha, kwa sababu mwanamke anayedaiwa kumtuma alikuwa amejisalimisha kwa polisi huko Ufilipino. Wale wanane walipigwa risasi usiku huo. Yeye akabaki ndani miaka mingine karibu kumi.

Halafu mwanzo wa Desemba 2024 serikali hizo mbili zikatia sahihi makubaliano, na tarehe 18 Desemba akatua Manila. Wafilipino walikuwa wamengoja siku hiyo miaka mingi. Na alipelekwa wapi? Moja kwa moja jela ya wanawake ya Mandaluyong. Watoto wake walikutana naye huko ndani. Hukumu ya Indonesia ilibaki ni hukumu, Ufilipino ilikubali kuiheshimu. Kilichobadilika ni kwamba Ufilipino iliondoa adhabu ya kifo mwaka 2006, kwa hivyo hakuna mtu wa kumpiga risasi huko. Mambo ya msamaha yakaachiwa rais wa Ufilipino, kama atataka.

Sasa sikia sehemu inanikasirisha. Indonesia wakati huo haikuwa na sheria ya kuhamisha wafungwa. Walikaa chini mawaziri, wakaandika wakubaliane nini, wakasaini, ndege ikaruka. Sisi Kenya tuko na sheria kamili, Sheria ya Uhamisho wa Wafungwa, ya mwaka 2015. Bunge liliipitisha nikiwa bado primari. Inaruhusu wafungwa waje Kenya na watoke Kenya. Lakini sheria ya Nairobi haiwezi kuamuru askari jela wa Asia afungue mlango. Lazima ile nchi ingine ikubali, na njia ya kukubali ni mkataba, au angalau makubaliano ya mfungwa huyo mmoja kama yale ya Mary Jane. Kwa hivyo ukisikia Mheshimiwa akisema kwa runinga "sheria tuko nayo," muulize, na ile nchi dada yetu amefungwa tumesaini nini nayo? Hapo ndipo uone akikohoa.

Na usidhani kusaini ni kuandika "tutarudishiana watu" halafu mnapiga picha. Yaliyomo ndani ya karatasi ndiyo mtu anakula nayo miaka. Indonesia hiyo hiyo, siku chache tu kabla ya Mary Jane, iliwaachilia Waaustralia 5 waliofungwa maisha kwa heroini tangu 2005. Walitua Darwin tarehe 15 Desemba na hawakuingia jela tena. Februari 2025 Mfaransa mmoja aliyekuwa amehukumiwa kifo akapelekwa Ufaransa. Korti ya huko ikaangalia sheria yake, ikasema adhabu kubwa ya kosa kama hilo kwetu ni miaka 30, ikaigeuza ikawa hiyo. Na kwa sababu alikuwa ashakaa ndani karibu miaka 20, Julai akaachiliwa kwa masharti. Nchi moja, miezi mitatu, makosa yanayofanana, na watu wakaishia mahali tofauti kabisa. Mmoja jela, mwingine jela halafu nje, wengine watano moja kwa moja nyumbani kwa mama yao.

Hapo kuna chaguo mbili kubwa ambazo wanasheria wanazijua na sisi hatuambiwi. Moja, nchi ya nyumbani inaendeleza hukumu vile ilivyo: ulipewa 18, ni 18. Mbili, korti ya nyumbani inaigeuza iwe adhabu ya kwao, lakini haiwezi kukuongezea. Mkataba wa Strasbourg wa 1983, ambao nchi nyingi duniani hufuata au huiga, umeweka hizo njia zote mbili.

Nilikaa na mathe na kalamu na ile karatasi ya kufungia chapo tukapiga hesabu ya binti yake. Tuseme Kenya inaendeleza hukumu vile ilivyo. Alipewa 18, amekaa 6, imebaki 12. Sasa hapa kwetu mfungwa mwenye tabia nzuri husamehewa theluthi ya kifungo, isipokuwa wale wa maisha na makosa mengine machache. Swali ni theluthi ya nini. Ukichukua theluthi ya 18, ni 6, kwa hivyo anakaa 12 kwa jumla, na kwa sababu ashakaa 6 huko, anakaa Lang'ata 6. Ukichukua theluthi ya ile 12 iliyobaki, unamtolea 4, anakaa Lang'ata 8. Tofauti ni miaka 2 ya maisha ya mtu, na inategemea kama kuna mtu alikumbuka kuandika sentensi moja kwa mkataba. Mathe aliangalia hiyo karatasi kwa muda. Akasema, "Hata hiyo nane. Hata hiyo nane niandikie."

Masharti mengine pia nilimwambia, na mengine hayakumfurahisha. Mfungwa mwenyewe lazima akubali. Kwa kawaida awe amebakisha angalau miezi sita, la sivyo ni kazi bure. Na hukumu iwe ya mwisho, maana yake hakuna rufaa inaendelea. Hili la rufaa ndilo hunasa familia nyingi. Wakili wa huko anawaambia kata rufaa, mnachanga pesa, harambee, kila kitu. Halafu mtu anawaambia ombeni uhamisho. Haziendi pamoja. Rufaa ikiwa mezani, uhamisho unangoja. Ukiondoa rufaa ili uombe uhamisho, na uhamisho ukakataliwa, umepoteza zote. Huo ni uamuzi mtu anafanya akiwa peke yake ndani ya seli, mara nyingi kwa lugha haelewi.

Na watu wa rumande hawamo kabisa. Kama bado hujahukumiwa, hii mlango si yako.

Halafu kuna sharti moja ambalo likanifanya nikae chini. Kitendo lazima kiwe kosa nchi zote mbili. Inaonekana ni kitu cha maana, si ndiyo? Huwezi kufungwa Kenya kwa kitu ambacho Kenya si kosa. Lakini fikiria dada zetu walioko Ghuba. Kuna nchi huko ambapo kulala na mtu ambaye hamjaoana kumekuwa kosa la jinai, na msichana amejikuta mashakani kwa sababu tu alipatikana ana mimba. Kenya hilo si kosa. Kwa hivyo aliyebeba kokeini anaweza kuhamishwa, kwa sababu kokeini ni kosa kila mahali. Aliyebeba mimba hawezi, kwa sababu hapa hana kosa lolote la kuendelea kutumikia. Yule ambaye wengi wenu hata nyinyi wa "aozee" mngemwonea huruma, ndiye uhamisho haumsaidii. Yeye anahitaji kitu kingine, msamaha wa huko, au ubalozi unaopiga kelele. Msikubali mtu awauzie uhamisho kama dawa ya kila Mkenya aliye jela ng'ambo.

Sasa turudi kwa wale wa "pesa zetu za ushuru." Niliwahi kuwa mmoja wenu, nawaheshimu. Ni kweli, nani hulipa ndege na askari wa kusindikiza ni jambo la kukubaliana, na mara nyingi ni nchi inayompokea mtu wake. Na Kenya ingelisha mtu huyo miaka 6 au 8. Lakini hebu fikiria atatoka lini na vipi. Akikaa huko mpaka mwisho, siku akimaliza anapakiwa kwa ndege, anatua JKIA akiwa huru kabisa, hana mtu anamngoja, hana rekodi yoyote hapa, hakuna afisa wa magereza anayemjua. Akirudi mapema, anatumikia hapa, anaonekana na familia, na jela inajua anatoka lini. Atarudi tu, jamaa. Hii ni nchi yake. Unachochagua ni kama atarudi akiwa mgeni au la.

Hiyo hoja ya ushuru si ngumu. Iko moja ngumu zaidi na karibu hakuna mtu huisema, kwa hivyo nitaisema mimi. Kwa nini nchi ya watu ituamini?

Jiweke kwa viatu vya waziri wa huko. Umekamata mtu na dawa, umemhukumu, watu wako wanafurahi kwamba uko mkali. Halafu Kenya inakuja inasema tupeeni, tutamfunga sisi. Unaangalia habari za Kenya. Unaona Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walitoka Kamiti, jela yenye ulinzi mkali kuliko zote, wakafika Kitui kabla ya kushikwa. Unaona Oktoba 2016 rais alibadilisha hukumu zote za kifo za nchi nzima zikawa maisha, watu zaidi ya 2,700 kwa siku moja. Sisemi alikosea. Katiba yetu inampa rais hiyo nguvu, kifungu cha 133, na mimi sitaki mtu anyongwe. Hakuna mtu amenyongwa Kenya tangu 1987 na iwe hivyo. Lakini yule waziri anajiuliza: nikiwapa huyu leo, kesho kuna msamaha, kesho kutwa yuko kwa Instagram yuko Diani?

Ndiyo maana mikataba huwa na vipengele kuhusu nani anaweza kusamehe, na kama nchi iliyohukumu itaarifiwa mtu akitoka au akitoroka. Serikali yetu haiwezi kwenda kuomba mikono mitupu. Lazima iende na jibu la Kamiti. Lazima iseme mfungwa wako atakuwa jela gani, nani atakuambia akitoka, na sisi tutakurudishia nini. Kwa sababu hii kitu ni ya pande mbili. Jela zetu pia ziko na wageni, na nchi zao zina mama zao.

Na hata nchi tajiri hujaribu hii michezo wakiwa na nia zao. Mwaka 2015 Uingereza iliahidi Jamaika pauni milioni 25 za kujenga jela mpya, ili iwapeleke Wajamaika waliofungwa Uingereza wakamalizie huko. Jamaika ilikaa, ikafikiria, na 2017 ikasema hapana. Waliona ni Uingereza inapunguza gharama zake na kuita msaada. Kwa hivyo si kila uhamisho ni huruma. Kuna wakati mfungwa anahamishwa kwa sababu mtu anataka kitanda chake. Ndiyo maana mimi hilo sharti la mfungwa kukubali singeliacha hata kidogo. Mkenya aliyelelewa Leicester tangu akiwa na miaka miwili, ukimleta Kamiti umemleta nyumbani kwa nani?

Lakini binti ya mathe si huyo. Yeye amelelewa hapa, shimo la choo la ploti yetu analijua.

Nilichofanya baada ya hiyo karatasi ya chapo ni kumsaidia mathe kukusanya faili. Inahitaji nakala ya hukumu iliyothibitishwa, karatasi ya jela inayosema amekaa muda gani na umebaki upi, barua ya mfungwa mwenyewe kwamba anakubali, na kitu cha kuonyesha ni Mkenya. Hukumu yake ni kurasa 31 za herufi ambazo mimi na mathe hatuwezi kusoma hata moja. Ameiweka kwa bahasha ya kaki miaka sita, pamoja na cheti cha KCSE cha huyo binti. Hakuwahi kujua ndani imesemwa nini. Nilipata bei ya kuitafsiri na kuipigia muhuri, ni pesa ya chapo nyingi sana. Ofisi moja tulienda, tukaambiwa hiyo kazi ni ya ofisi ingine. Tukaenda hiyo ingine. Mnaweza kujaza wenyewe.

Mwishowe afisa mmoja, kijana tu kama mimi, alitufungia mlango akatuambia ukweli. Alisema, "Mama, faili yako iko sawa. Shida ni kwamba sina mahali pa kuituma. Na hiyo nchi hatujasaini." Mathe akamuuliza mtasaini lini. Akasema hajui, akasema si yeye anaamua, ni wakubwa, na wakubwa husaini kitu kikipigiwa kelele.

Kelele tulipiga Machi 2025, siku kumi, tukasahau. Zile siku kumi Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa inajibu maswali kila asubuhi. Halafu ikaja stori ingine, sijui ilikuwa gani, pengine ni mimi niliiposti.

Kwa hivyo leo sina vidio ya kuchekesha. Mbunge wako ana namba, na wengi wao wanajibu WhatsApp wakati kura inakaribia. Usimuulize atamrudisha nani. Muulize ni nchi gani tumesaini nazo mkataba wa wafungwa, ataje moja baada ya nyingine, na kama Vietnam iko. Piga skrini ya jibu lake unitumie. Nitaweka zote, hata za wale watasema hawajui. Mathe anauliza kama wamejibu kila nikienda kununua chapo, na sitaki kubadilisha mahali pa kula.